Ofisi mbili, anwani zilezile

"Ruta zote mbili zinaonyesha handaki la VPN limeunganika. Mbona kompyuta za ofisi ya huku hazifikii seva ya kule?"

Mara nyingi ni kwa sababu ofisi zote mbili zinatumia anwani zilezile za ndani. Handaki ni zima kabisa, ila pakiti hazifiki hata mlangoni pake, maana kompyuta haizikabidhi kwa ruta.

Anwani za ndani zilitengwa katika waraka wa RFC 1918 uliotolewa mwaka 1996: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila kumwomba mtu, kwa kuwa hazisafiri kwenye intaneti. Watengenezaji wa ruta nao huziweka tayari kiwandani, na wengi huchagua 192.168.1.0/24 au 192.168.0.0/24. Ndiyo maana ofisi mbili zilizofungwa mtandao na mafundi tofauti, miaka tofauti, hujikuta zimegongana bila yeyote kukosea. Zikiwa zimetengana hakuna shida. Shida huanza siku ya kuziunganisha.

Tuchukue mfano. Ofisi A na Ofisi B zote ziko 192.168.1.0/24. Seva ya faili iko Ofisi A kwenye anwani 192.168.1.10. Kule Ofisi B, anwani hiyohiyo ya 192.168.1.10 ni ya printa. Mfanyakazi wa Ofisi B, mwenye kompyuta 192.168.1.57, anataka kufungua faili lililo kwenye seva ya A.

Kabla ya kutuma chochote, kompyuta yake inajiuliza swali moja tu: huyu ninayemtafuta yuko kwenye mtandao wangu au nje? Inatazama maski yake, 255.255.255.0, ambayo ndiyo ile /24, na maana yake ni kulinganisha namba tatu za kwanza. Za kwake ni 192.168.1, za seva nazo ni 192.168.1. Basi inaamua kwamba ni jirani. Na kwa jirani hakuna haja ya ruta: inatangaza kwa ARP kwenye mtandao wa ndani, "nani ana 192.168.1.10?" Printa inaitika. Ni kama kumwita Juma wa nyumba ya pili ilhali uliyekaa naye hapa pia anaitwa Juma. Atakayeitika ni huyu wa karibu.

Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima wakiongeza njia kwenye ruta. Haitasaidia, kwa sababu pakiti haikupita kwa ruta hata kidogo. Hata ingepita, ruta nayo ina 192.168.1.0/24 kwenye kiolesura chake cha ndani, na mtandao uliochomekwa moja kwa moja hushinda njia ya upana uleule inayopitia kwingine.

Kulijua tatizo hili hakuhitaji vifaa. Piga `ping` na utazame muda wa jibu. Kama ofisi ziko miji tofauti na jibu linarudi kwa chini ya milisekunde 1, anayekujibu yumo humohumo ndani. Kama hakuna anayejibu, tazama kumbukumbu ya ARP. Kwenye Windows tumia `arp -a`, kwenye Linux:

```
ip neigh show 192.168.1.10
```

Ukiona anwani ya MAC, au neno `FAILED`, umepata jibu: kompyuta ilimtafuta hapohapo kama jirani. Angekuwa anaonekana ni wa nje, kumbukumbu hiyo isingekuwa na habari zake. Ingekuwa na habari za ruta tu. Wakati huohuo, ukisikiliza kwenye ruta kwa `tcpdump -ni wg0`, ambapo `wg0` ni kiolesura cha handaki la VPN ya WireGuard, handaki litakuwa kimya.

Dawa ya kweli ni kubadilisha anwani za ofisi moja. Ni kazi ya jioni moja au wikendi, na watu huiogopa kuliko inavyostahili. Chagua ofisi yenye vifaa vichache. Siku moja au mbili kabla, punguza muda ambao DHCP hukikodisha kifaa anwani uwe saa 1, ili kompyuta na simu zichukue anwani mpya haraka ukishabadilisha. Kisha orodhesha kila kitu kilichoandikiwa anwani kwa mkono: printa, kamera, seva, vifaa vya Wi-Fi. Hivyo ndivyo vitakavyokusumbua, kwa sababu havifuati DHCP, na ruta ikishahama hutaweza kuvifikia kirahisi. Vibadilishe kwanza, ruta iwe ya mwisho. Usisahau pia mahali ambapo anwani imejificha ndani ya kitu kingine, mfano printa inayotuma skani kwenye folda ya seva kwa namba badala ya jina.

Na ukiwa unabadilisha, usihamie 192.168.2.0/24 kwa sababu tu ndiyo iliyofuata. Keti upange. Ningeepuka kabisa 192.168.0, 192.168.1 na 10.0.0, kwani ruta nyingi za nyumbani hutumia hizo, na kesho mfanyakazi atakayetaka kuingia ofisini kwa VPN akiwa nyumbani atakutana na mgongano uleule. Epuka pia 172.17.0.0/16, ambayo Docker huichukua yenyewe inapowekwa kwenye seva.

Chukua kipande kikubwa kisicho cha kawaida, tuseme 10.61.0.0/16, kisha ukigawe kwa hatua za 16. Ofisi A inapata 10.61.0.0/20, yaani kuanzia 10.61.0 hadi 10.61.15. Ofisi B inapata 10.61.16.0/20, kuanzia 10.61.16 hadi 10.61.31. Leo kila ofisi inatumia mtandao mmoja tu wa /24 ndani ya fungu lake: A iko 10.61.0.0/24 na B iko 10.61.16.0/24. Faida inakuja pale B inapotaka kuzitenga simu za mezani kwenye 10.61.17.0/24. Kule A hakuna kinachoguswa, kwa kuwa njia yake tangu mwanzo inasema fungu zima la 10.61.16.0/20 linapitia handakini. Ofisi ya tatu ikifunguliwa, fungu lake linaanzia 10.61.32.

Kwenye WireGuard, upande wa A utaandika hivi kumhusu B:

```
[Peer]
PublicKey = <ufunguo wa B>
Endpoint = <anwani ya umma ya B>:51820
AllowedIPs = 10.61.16.0/20
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa `AllowedIPs` unafanya kazi mbili, na inafaa kuzielewa zote. Kwa pakiti inayotoka, unasema anwani zipi zipelekwe kwa B. Kwa pakiti inayoingia, ni kichungi: kikitoka kwa B kitu chenye anwani ya chanzo isiyo ndani ya fungu hilo, kinatupwa bila maelezo. Kwa hiyo kosa la tarakimu moja hapo linaweza kuzuia pande zote mbili za mazungumzo. Upande wa B andika kinyume chake, yaani `10.61.0.0/20`.

Kuna wakati kubadilisha anwani hakuwezekani, labda kwa sababu kuna mtambo ambao anwani yake hamna ruhusa ya kuigusa. Hapo kila ofisi hupewa anwani za bandia ambazo mwenzake atazitumia kumwita. A ijulikane kwa B kama 10.50.1.0/24, na B ijulikane kwa A kama 10.50.2.0/24. Namba ya mwisho haibadiliki, hivyo seva ya 192.168.1.10 iliyoko A itaitwa 10.50.1.10 na watu wa B. Kwenye ruta ya A, kama ni Linux, ubadilishaji huo hufanywa na NETMAP:

```
iptables -t nat -A PREROUTING -i wg0 -d 10.50.1.0/24 -j NETMAP --to 192.168.1.0/24
iptables -t nat -A POSTROUTING -o wg0 -s 192.168.1.0/24 -j NETMAP --to 10.50.1.0/24
```

Ruta ya B inapata mistari hiyohiyo, ila 10.50.2.0/24 inachukua nafasi ya 10.50.1.0/24. `AllowedIPs` za A zinakuwa 10.50.2.0/24, na za B 10.50.1.0/24.

Tufuate pakiti moja. Kompyuta 192.168.1.57 ya B inaiita 10.50.1.10. Sasa namba za kwanza hazifanani na zake, kwa hiyo inampa ruta. Ruta ya B inabadilisha chanzo kuwa 10.50.2.57 na kuisukuma handakini. Ruta ya A inaipokea, inabadilisha mwisho wa safari kuwa 192.168.1.10, na seva inaona mgeni anayeitwa 10.50.2.57. Inamjibu kupitia ruta, na mabadiliko yanarudishwa nyuma yenyewe.

Inafanya kazi vizuri, lakini ni deni. Jina la seva kwenye DNS ya A linajibu 192.168.1.10, anwani isiyofaa kwa mtu wa B, kwa hiyo utalazimika kutunza majibu mawili ya jina moja. Simu za SIP huandika anwani ndani ya ujumbe wenyewe, mahali ambapo NETMAP haigusi, na dalili yake ni simu kuita vizuri kisha upande mmoja usisikie kitu. Ningeitumia kwa muda tu, huku mpango wa kuhamisha anwani ukiendelea.

Kwa dawa yoyote utakayochagua, kumbuka njia ya kurudi. Kama handaki liko kwenye kifaa tofauti na ruta kuu, mfano kisanduku kidogo chenye 10.61.0.5 ndani ya A, kompyuta za A hazikijui. Zinaijua ruta kuu tu. Ombi kutoka B litafika kwenye seva, seva itamjibu kwa ruta kuu, na ruta kuu itatupa jibu kwenye intaneti ambako litapotea. Kwenye `tcpdump` utaona maombi yanaingia bila jibu hata moja kutoka. Ruta kuu ya A inahitaji njia moja:

```
ip route add 10.61.16.0/20 via 10.61.0.5
```

Na kama njia zote ziko sawa lakini kompyuta za Windows bado hazijibu `ping`, tazama fayawoli yake kabla ya kurudi kuvuruga ruta. Kwa mtandao uliowekwa kuwa wa binafsi, Windows kwa kawaida hukubali `ping` na kushirikishana faili kutoka kwa majirani wa mtandao uleule tu, na ofisi ya pili sasa si jirani tena. Ruhusu 10.61.0.0/16 kwenye kanuni hizo, kisha jaribu tena.