Umekatisha Mazoezi ya Kukimbia kwa Sababu ya Sikukuu: Uanzie Wapi?

Nafuata ratiba ya wiki 9 ya kuanza kukimbia, siku tatu kwa wiki. Nikikosa siku moja, niifidie?

Usiifidie kwa kukimbia mara mbili kwa siku. Fanya zoezi ulilolikosa katika siku inayofuata ya ratiba, sogeza mbele yaliyobaki, na uache siku moja ya mapumziko kati ya zoezi na zoezi.

Nilimaliza wiki ya 5, nikaenda kijijini kwa Krismasi, siku 20 sikukimbia. Wenzangu wako wiki ya 8. Niungane nao?

Hapana. Kalenda imesonga, mwili wako haukusonga nayo. Ukikosa wiki moja, rudia wiki ya mwisho uliyoikamilisha. Ukikosa wiki mbili au tatu, rudi nyuma wiki mbili. Ukipitisha mwezi, anza upya. Wewe, basi, uanzie wiki ya 3: tembea haraka dakika 5, kisha kimbia sekunde 90, tembea sekunde 90, kimbia dakika 3, tembea dakika 3, na mzunguko huo uurudie mara moja. Mazoezi matatu yakipita bila maumivu asubuhi inayofuata, ingia wiki ya 4. Wenzako wanakimbia dakika 28 mfululizo; waache watangulie.

Lakini pumzi ninayo na sichoki. Kwa nini nijizuie?

Kwa sababu pumzi si kipimo cha mfupa. Moyo na mapafu hurejea katika hali yake ndani ya wiki chache, ilhali mfupa huchukua miezi, na unapoanza kulemewa upya huondoa kwanza sehemu zilizochakaa kabla ya kujenga mpya, hivyo kwa muda huwa dhaifu zaidi wakati wewe unajihisi una nguvu. Wengi wanaofika kliniki Januari wakichechemea walikuwa na pumzi ya kutosha kabisa.

Ugoko umeanza kuuma. Nichue na kuendelea mpaka uzoee?

Usiendelee. Mfupa hauzoeshwi kwa maumivu, na dawa ya kuchua au vidonge vya kutuliza vinaficha tu onyo. Maumivu yaliyotanda kando ya ugoko kwa ndani, ambayo hupungua misuli ikipata joto, yanataka upumzike hadi yaishe, kisha uanze kwa zoezi jepesi zaidi. Lakini yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yakizidi kadiri unavyokimbia, au yakikuamsha usiku, huenda mfupa umepata ufa. Acha kukimbia siku hiyo hiyo na uende hospitali wiki hiyo hiyo. Usisubiri uvimbe, tafadhali.

Nilipiga eksirei, haikuonyesha kitu. Basi niendelee?

Bado hapana. Ufa mchanga mara nyingi hauonekani katika eksirei ya wiki za mwanzo. Ikiwa kubonyeza pale pale bado kunauma, rudi kwa daktari ukamweleze hivyo, na hadi atakapokuruhusu usikimbie, hata kama ratiba inasema ni siku yako.