Ujumbe wa kuomba wateja walete marafiki: dhana potofu na ukweli

Dhana: Zawadi ikiwa nono, wateja wataleta watu wengi.

Mteja anayekutaja kwa rafiki yake anaweka jina lake rehani. Zawadi kubwa humtia aibu, kwa kuwa rafiki ataona anauzwa. Aibu hiyo hupungua zawadi ikigusa pande zote mbili. Huduma ya mtandaoni ya Dropbox, kwa mfano, iliwaongezea nafasi ya kuhifadhi mafaili aliyealika na aliyealikwa.

Kiasi chenyewe kipimwe kwa faida. Tuseme msafishaji wa makochi akilipwa 100 hubakiwa na 40 baada ya sabuni, usafiri na vibarua. Akimpunguzia mgeni 10, na aliyemleta 10 kwenye kazi yake ijayo, bado ana 20. Akitoa 20 kila upande, mgeni huyo hajamwachia kitu.

Dhana: Ujumbe utumwe kwa wateja wote siku moja.

Mtumie aliyeonyesha kuridhika: ameshukuru, amerudi, au ametuma picha ya kochi lake. Mtumie siku moja au mbili baada ya kazi, angali analifurahia. Aliyelalamikia doa, maliza doa kwanza. Ukimwomba kabla, rafiki yake atasimuliwa habari za doa.

Dhana: Kuandika "waambie marafiki zako" kunatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mteja ana nia, ila hajui aandike nini, basi anaahirisha mpaka anasahau. Mrahisishie kwa jumbe mbili. Wa kwanza ni wake:

"Habari dada Neema. Asante kwa kutuamini na makochi yako. Ukimleta rafiki, atapunguziwa asilimia 10 kwenye kazi ya kwanza. Akishalipa, nawe utapunguziwa asilimia 10 kwenye kazi yako ijayo. Ujumbe wa kumtumia ni huo unaofuata."

Wa pili ausambaze kama ulivyo:

"Hawa ndio walionisafishia makochi. Ukiwapigia taja jina langu, Neema, upunguziwe asilimia 10. Nami napata punguzo. Namba yao ni…"

Maneno "nami napata punguzo" yasiondolewe. Rafiki akija kuyajua baadaye, ataona alifichwa jambo. Pia usimwombe Neema namba za marafiki zake ili uwapigie mwenyewe. Wao hawajakuruhusu, na lawama zitamrudia yeye.

Sharti la "akishalipa" nalo lina kazi. Zawadi ikitolewa kwa kuulizia bei tu, utaletewa majina ya watu wasio na haja ya huduma.

Dhana: Zawadi inaweza kusubiri mteja akumbushe.

Wengi hawakumbushi, wanaona haya, na hawaleti mtu mwingine. Kila mgeni anapopiga, muulize ametumwa na nani, kisha andika daftarini jina lake, aliyemtuma, tarehe aliyolipa na tarehe zawadi ilipotumika. Siku hiyohiyo anapolipa, mjulishe aliyemtuma: "Rafiki yako amehudumiwa, punguzo lako liko tayari."