Wavutaji ni wangapi chuoni? Dhana potofu zinazoharibu dodoso

Dhana: Linki ya dodoso ikisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp na watu wengi wakajibu, matokeo ni ya kuaminika.

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo tuipigie hesabu. Chukua chuo cha mfano chenye wanafunzi 12,000, na tuseme wavutaji ni asilimia 10, yaani 1,200. Linki inatumwa. Wasiovuta wanajibu bila wasiwasi, mmoja kati ya watano, hao ni 2,160. Wavutaji wanasitasita, anajibu mmoja kati ya kumi, hao ni 120. Jumla umepata majibu 2,280, na wavutaji ni asilimia 5.3. Ukikokotoa kiwango cha makosa, kompyuta itakuambia ukweli uko kati ya asilimia 4.3 na 6.2, wakati uko 10. Wingi wa majibu haukurekebisha kitu. Umekufanya uwe na uhakika zaidi na jibu la uongo.

Dawa ni kuchagua watu wewe mwenyewe badala ya kuwasubiri wajilete. Omba orodha ya waliosajiliwa kwa msajili, ipange kwa jinsi na mwaka wa masomo, kisha ruka kwa hatua sawa. Ukitaka watu 500 kati ya 12,000, hatua ni 24. Piga kura upate namba ya kuanzia, kati ya 1 na 24. Ikitoka 7, unachukua wa 7, wa 31, wa 55, hadi mwisho wa orodha. Asiyepatikana mara ya kwanza mtafute tena hata mara tatu, wala usimweke rafiki yake aliyekaa karibu. Asiyeonekana darasani huenda ndiye anayevuta.

Dhana: Sampuli sharti iwe asilimia 10 ya wanafunzi.

Usahihi hutegemea idadi ya watu uliowahoji. Ukubwa wa chuo hauna uzito mkubwa. Chuo cha wanafunzi 1,500 kikichukua asilimia 10 kitapata watu 150, na makosa yanaweza kufika pointi 8 juu au chini. Kanuni ya kawaida ni hii:

```
n = 1.96² × p × (1 − p) / d²
```

Hapo 1.96 ni namba ya uhakika wa asilimia 95, p ni kiwango unachokitarajia na d ni makosa unayoyavumilia. Ukiweka p = 0.1 na d = 0.03, unapata watu 385. Hao ni wanaojibu. Ukitegemea wanane kati ya kumi ndio watakaojibu, gawanya kwa 0.8, upate 482. Ndiyo maana hapo juu nimesema 500.

Dhana: "Je, wewe ni mvutaji?" ni swali linalojitosheleza.

Wakati wa kujaribisha dodoso, kijana mmoja aliniandikia "Hapana". Tulipokaa kulipitia swali moja moja, akasema: "Mimi si mvutaji, kaka. Navuta Ijumaa tu tukitoka, tena za kuomba." Hakunidanganya. Kwake mvutaji ni mtu anayenunua pakiti, na swali langu lilimuuliza yeye ni nani badala ya alichofanya.

Uliza tendo na muda: "Katika siku 30 zilizopita, ulivuta sigara siku ngapi, hata kama ni mara moja au pafu moja?" Weka chaguo kuanzia siku 0. "Je, unavuta?" nayo ina utata wake, kwani mmoja ataisikia kama siku hizi, mwingine kama mazoea. Shisha na sigara ya kielektroniki ziwe na maswali yao, maana anayevuta shisha hajihesabu kuwa anavuta sigara. Tena Kenya ilipiga marufuku shisha mwaka 2017, hivyo mtu ana sababu ya kuificha. Bangi nayo itenganishe, la sivyo neno "kuvuta" litawachanganya wote.

Na usifungue dodoso kwa sentensi kwamba sigara inaua. Ukishamhukumu mtu, atakupa jibu unalolitaka.

Dhana: Usipoandika jina kwenye karatasi, siri ipo.

Siri haipo kama karatasi zinakusanywa na CR, yaani mwakilishi wa darasa, tena zimefunguka. Kitivo, jinsi, umri na mkoa vikikaa pamoja, mwanafunzi wa kike pekee kwenye kozi ndogo anajulikana mara moja. Tumia bahasha na sanduku lililofungwa, na uache kuuliza usichokihitaji.

Dhana: Wakati wowote ni sawa.

Siku 30 zako zikiangukia Ramadhani kwenye chuo chenye Waislamu wengi, baadhi watakuwa wamepunguza au wameacha kwa mwezi huo. Subiri hadi siku 30 kamili zipite baada ya Idi ndipo ugawe dodoso, na kwenye ripoti andika tarehe za kukusanya majibu.