Matokeo ya Hesabu kwenye wasifu wa mwalimu anayeomba kazi

"Darasa langu lilifeli sana Hesabu. Si bora niandike tu 'ufaulu mzuri'?"

Hapana. Mkuu wa shule unayoomba kazi pale Dodoma mjini anajua D ya alama 30 nayo ni kufaulu, kwa hiyo maneno hayo hayamwambii kitu. Mpe mgawanyo. Tuseme ulifundisha Chamwino, Kidato cha Nne, wanafunzi 68:

"B 3, C 14, D 20, F 31. Waliofaulu 37. Kidato cha Pili, wanafunzi haohao walifaulu 19. Niliwapokea Kidato cha Tatu."

Hapo kazi yako inaonekana, F zikiwemo. Ulezi wa bweni uandike chini yake, maana jioni zako zilikwenda huko. Ualimu wa zamu uache, kila mtu hushika zamu.