Kabla ya Mguu Kugusa Mpira: Ninavyofundisha Penalti

Tarehe 17 Disemba 2017, Zanzibar Heroes walitoka sare ya mabao 2–2 na Kenya mjini Machakos katika fainali ya Kombe la CECAFA, kisha wakafungwa 3–2 kwa mikwaju ya penalti. Barazani bado nasikia watu wakisema kwamba matuta ni bahati tu. Mimi ninafundisha mpira wa vijana hapa Chake Chake, na kauli hiyo siikubali, kwa sababu sehemu kubwa ya mkwaju huharibika kabla mguu haujagusa mpira, na sehemu hiyo hufundishika.

Goli lina upana wa mita 7.32, na mpira uliopigwa kwa nguvu kutoka mita 11 hufika kwa takriban nusu sekunde. Kipa hana nafasi ya kuusubiri auone unakoelekea, hulazimika kukisia. Mpira unaokwenda hatua moja ndani ya nguzo, kwa kasi ya kutosha, humshinda hata kipa aliyekisia vizuri. Hofu humnyang'anya mpigaji nguzo hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni haraka: mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, aliyechunguza mikwaju ya mashindano makubwa, aliona kwamba wanaokimbilia mpira mara filimbi inapolia hukosa zaidi. Ya pili ni macho: watafiti wa Uingereza, Greg Wood na Mark Wilson, wameonyesha kwamba mpigaji mwenye wasiwasi humtazama kipa mapema na kwa muda mrefu, na mpira hufuata macho.

Nina mshambuliaji wa miaka 17 ambaye mazoezini alikuwa hakosi, lakini kwenye mechi mipira yake iliishia kifuani kwa kipa. Tulimrekodi kwa simu kutoka nyuma ya goli. Filimbi ilipolia, mguu wake ulikuwa tayari umeanza kwenda, na uso wake ulielekea kwa kipa mpaka hatua ya mwisho. Nilipomwuliza alichagua upande gani, alijibu: "Mwalimu, mie nilikuwa namwangalia yeye tu, nijue anakwenda wapi."

Tulianzia mbali na goli. Sasa huchagua pembe akiwa bado anatembea kutoka duara la kati, na akishachagua habadilishi. Huuweka mpira kwa mikono yake mwenyewe, hurudi nyuma hatua nne na moja ya pembeni, kisha hutazama mahali anapotaka mpira uingie, nikimaanisha sehemu ndogo ya wavu karibu na nguzo, wala si "upande wa kulia" kwa ujumla, kwa muda wa kama sekunde moja. Filimbi ikilia hatoki. Hutoa pumzi moja taratibu, hushusha macho kwenye sehemu ya mpira atakayoipiga, ndipo anapokimbia. Sheria haimlazimishi kukimbia papo hapo, ilimradi asipoteze muda kwa makusudi. Ila akishamaliza kukimbia haruhusiwi kusimama ili kumhadaa kipa. Kwa hiyo utulivu wote lazima umalizike kabla ya hatua ya kwanza.

Kosa ninaloliona katika viwanja vingi ni kumpa kijana mipira kumi mfululizo. Mkwaju wa tatu unakuwa hauna hofu tena, na anachojifunza ni kupiga, si kujiandaa. Mimi humpa mmoja tu, mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, akitembea peke yake kutoka katikati huku wenzake wamesimama nyuma ya goli wakimpigia kelele. Akikosa, hapewi wa pili mpaka mazoezi yajayo.

Katika kupima, bao silihesabu kwanza. Naangalia video: je, alitulia baada ya filimbi, na macho yalikuwa wapi? Kijana huyu alikosa tena baada ya hapo, lakini mara hiyo mpira ulikwenda pembeni alipokusudia, ukiwa wa chini na wa taratibu, kipa akaruka upande huohuo akaupangua. Hapo utaratibu ulishika, ila mguu ulikosa nguvu, na dawa yake ni mazoezi ya kupiga, kwa sababu pumzi na macho havitengenezi mguu usiojua kupiga.

Kilichobaki kigumu kwake ni kukatizwa. Kipa husogea kutoka kwenye mstari, au refa huamuru mpira uwekwe upya, na kijana hutaka kuendelea pale alipoachia. Ninachomtaka afanye ni kurudi kwenye mpira, auweke tena kwa mikono yake, ahesabu hatua zake upya na atazame pembe ileile aliyoichagua tangu katikati ya uwanja.