Ombi limekaa kimya? Punguza radhi, tazama ukurasa

Wanafunzi ninaowasimamia hapa Tanga wanaochangia msimbo kwenye miradi huria hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, nimetuma ombi la kuunganisha msimbo, msimamizi wa mradi kanyamaza. Nimwandikie vipi kwa adabu?" Nikitaka kuona walichokwisha kuandika, naonyeshwa aya nzima ya salamu.

Dhana: ujumbe wa adabu ni wenye radhi nyingi

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mtu wa Tanga kwa maneno laini hashindwi, na hapo ndipo penye shida. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Habari za kazi mkuu, samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi, naomba kama utapata nafasi uniangalizie kazi yangu, nitashukuru mno." Msimamizi akimaliza kusoma hayo bado hajui kazi ipi, imefikia wapi, wala anatakiwa afanye nini. Itabidi afungue ukurasa, asome mjadala wote upya, akumbuke alisema nini mwezi uliopita. Kwa mtu anayejitolea usiku baada ya ajira yake, hiyo ni kazi ya kuahirishwa.

Tulifungua ukurasa wa ombi lake pamoja. Alikuwa amerekebisha maktaba ya Python inayosoma faili za CSV. Faili zilizohifadhiwa kutoka Excel kama UTF-8 huwa na alama iliyojificha mwanzoni, nayo ilikuwa inagandamana na jina la safu ya kwanza. Dawa yake ilikuwa kusoma kwa `utf-8-sig` badala ya `utf-8`. Msimamizi alikuwa amekwisha kukagua, akataka jaribio moja la faili tupu. Kijana akaliongeza, akalisukuma, akakaa kusubiri.

Kumbe msimamizi naye alikuwa anamsubiri yeye. Kwenye GitHub, mkaguzi akishatoa maoni, ombi hutoka kwenye orodha ya yanayomngoja, ile anayoipata kwa kutafuta `review-requested:@me`. Kusukuma msimbo mpya peke yake hakulirudishi. Kinacholirudisha ni kitufe cha mshale wa mviringo kando ya jina la mkaguzi, `Re-request review`. Usipokiona, sema kwenye maoni kwamba umemaliza.

Zaidi ya hapo, tawi kuu lilikuwa limesonga mbele na faili ya majaribio ikaleta mgongano. Tukalivuta kwanza:

```
git fetch upstream
git merge upstream/main
# rekebisha mgongano kwenye faili ya majaribio, kisha:
git add tests/test_reader.py
git commit
git push
```

Wapo watakaokwambia utumie `rebase`. Ukaguzi ukishaanza, mimi nakataa, labda mradi wenyewe uwe umeagiza hivyo: `rebase` inaandika upya historia, na mkaguzi hupata tabu kuona kilichobadilika tangu alipoishia.

Mgongano ulipokwisha na majaribio yakapita, ndipo akaandika, kwenye ukurasa ule ule wa ombi:

"Habari. Jaribio la faili tupu uliloomba nimeliongeza kwenye `tests/test_reader.py`, na mgongano na tawi kuu nimeuondoa. Majaribio yote yanapita. Je, kuna kingine cha kubadilisha kabla ya kuunganisha? Kama suluhisho hili haliendani na mradi, nitalifunga ombi. Asante kwa ukaguzi wa kwanza."

Salamu ipo na shukrani ipo. Lakini msimamizi anaweza kujibu kwa mstari mmoja, hata akiwa kwenye simu. Na ile ruhusa ya kukataa usiione ndogo: wasimamizi wengi hunyamaza kwa sababu wanaona haya kusema hapana.

Dhana: kimya maana yake nimekataliwa

Ombi likikataliwa hufungwa. Likiwa wazi bila neno, soma chini ya ukurasa kwanza. Kama ni mara yako ya kwanza kwenye mradi, huenda majaribio ya kiotomatiki hayajaanza kabisa, yameandikwa `awaiting approval`, yaani yanangoja msimamizi ayaruhusu. Hapo ombi lako ni sentensi moja: tafadhali ruhusu majaribio. Au pengine wewe mwenyewe uliliacha likiwa `Draft`, nao wanadhani bado unapika.

Dhana: siku tatu zinatosha

Tazama `CONTRIBUTING.md` ya mradi. Mwongozo wa kernel ya Linux unataka usubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na zaidi katika kipindi cha kupokea mabadiliko ya toleo jipya. Mradi usiposema kitu, mimi nasubiri wiki mbili.

Dhana: ni heshima zaidi kumfuata faragha

Sivyo. Ukimtumia barua pepe binafsi, wasimamizi wenzake hawaoni, na pengine mmoja wao ana nafasi leo. Kuwataja wote kwa `@` nako ni kelele. Mtaje aliyekagua, basi. Na kufungua ombi jipya la msimbo ule ule ili "lionekane juu" kunayaacha maoni ya ukaguzi kwenye ukurasa wa zamani, halafu mtu alazimike kufunga moja. Mara nyingi hufungwa lile jipya.