Ripoti mia za mashabiki hazishushi video uliyoibiwa

Wiki hii tena nimekuta kwenye grupu, "jamani tumripoti huyu kwa wingi, kamwibia dada yetu video." Watu wakaripoti usiku kucha na asubuhi video ipo palepale. Naombeni hili lieleweke, ile ripoti ya kubonyeza chini ya video ya YouTube inaenda kwa wanaokagua kama kuna matusi, ukatili na mambo ya namna hiyo, sasa wakifungua wakakuta mapishi ya vitumbua wataona kosa gani hata mkiwa elfu? Wizi ni suala la hakimiliki, na fomu ya hakimiliki anajaza mwenye mali au aliyepewa ruhusa ya kumwakilisha. Moja inatosha.

Huyo dada wa vitumbua tulijaza naye: linki ya video iliyoibwa, maelezo ya video yake ya asili, jina lake kamili kama sahihi. Tulitumia imeili ya pembeni, maana imeili unayoweka inaweza kumfikia mwizi. Video ikashushwa na chaneli ya jamaa ikala straiki. Straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa kabisa.

Hapo ndo watu wanashangilia na kuacha kufungua imeili, na hapo ndo panaponiuma. Mwizi ana haki ya kuweka pingamizi, anaandika tu kwamba video ilishushwa kimakosa. Pingamizi likipokelewa unatumiwa wewe, na unazo siku 10 za kazi, kwa kalenda ya Marekani, kuonyesha kwamba umefungua kesi. Sio kutuma klipu mbichi za kwenye simu, sio kujieleza upya, ni ushahidi wa kesi. Ukikaa kimya video inarudi na straiki inafutwa, wala hakuna aliyeamua kwamba mwizi ndo mkweli, YouTube haihukumu nani mwenye mali, inafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayowaachia hilo mahakama.

Mpishi wa Tanga atafungua kesi kwa hela gani? Hapo sina jibu zuri, kusema kweli. Kinachosaidia ni kwamba pingamizi linadai jina kamili, anwani na simu ya mwizi, na vyote unatumiwa wewe, kwa hiyo wengi wananyamaza. Wa kwetu alinyamaza.

Ila alikuwa anatumia na picha na jina la dada. Hayo ni malalamiko mengine, yanapelekwa peke yake, fomu ya hakimiliki haiyagusi. Na kabla hujaripoti chochote, fungua ukurasa wa chaneli yake, nenda sehemu ya kushea, nakili ile namba ndefu inayoanza na UC. Jina la @ analibadilisha muda wowote akishtuka, lakini hiyo namba haibadiliki.